Visanduku vya Ukurasa wa Kumi na Nne

Sentensi mbaya kuliko zote nilizowahi kuandika iko kwenye silabasi yangu ya informatique, kile kitabu cha maelezo ya somo la kompyuta, ukurasa wa kumi na nne, mstari wa tatu kutoka juu: « Décochez toutes les cases et cliquez sur Suivant. » Ondoa alama kwenye visanduku vyote, halafu bonyeza Suivant, yaani Endelea. Niliiandika kwa mkono usiotetemeka, nikaipeleka kwa mpiga fotokopi, na jina langu liko chini ya kila ukurasa.

Sababu yake ninaijua. Mtu wa Bukavu anayepakua programu ya bure hupata na wageni ambao hakuwaalika: mara antivirus ya siku thelathini, mara kitu kinachobadilisha ukurasa wa mbele wa intaneti, vyote vikila mega za intaneti alizonunua kwa kujinyima wiki nzima. Wageni hao hujificha kwenye visanduku vidogo vyenye alama tayari. Kwa hiyo sisi wote, kuanzia kijana wa cyber hadi mwalimu, tulifundishana kitu kimoja: ukiona kisanduku, ondoa alama. Nilikuwa nimeirudia kanuni hiyo miaka mingi mpaka nikaichukua kuwa sayansi.

Sababu ya pili ni mbaya zaidi. Nilikuwa sijawahi kuiweka Python, lugha ya kuandikia programu niliyokuwa nikifundisha, kwa mkono wangu. Kwenye mashine yangu iliwekwa na mdogo wangu aliporudi kutoka masomoni Kigali, naye aliiweka vizuri, akaenda zake. Mimi niliikuta inafanya kazi. Nikaandika kurasa tatu za maelezo ya jinsi ya kuiweka, kama mtu anayeeleza njia ya kwenda Luberizi wakati hajawahi kuvuka Kamanyola.

Mwaka huo nilikuwa na darasa la jioni la watu wazima, watu wa kazi. Miongoni mwao alikuwa mama mmoja muuguzi kutoka kisiwa cha Idjwi, amenipita umri kwa miaka kumi hivi. Kituo chake cha afya kilikuwa kimempa ruhusa ya masomo ya mwaka mmoja tu. Alipaswa kudeposer mémoire yake, yaani kukabidhi kazi yake ya kumaliza masomo, kwenye session ya kwanza ya mitihani. Akichelewa, nafasi yake ya kuongoza kituo angepewa mwingine. Alituambia hivyo siku ya kwanza, bila kuomba huruma, kama anavyosema mtu kwamba mashua yake inaondoka saa nane.

Kazi yake ilikuwa juu ya uzito wa watoto wanaozaliwa kisiwani. Alikuwa amekaa na madaftari ya maternité, wodi ya uzazi, kwa miezi sita, akinakili uzazi mmoja mmoja kwenye Excel, mpaka akawa na mafaili kumi na manne. Nilimwambia kwamba kuyaunganisha yote kwa mkono ni mateso ya bure. Kuna maktaba ya Python iitwayo pandas itakayoyaunganisha kwa mistari mitano. Ili kuipata, unaandika tu pip install pandas, nayo inakuja yenyewe kutoka kwenye intaneti. Nilipenda sana kusema neno « yenyewe ».

Wiki iliyofuata alisimama katikati ya somo akaniletea simu yake. Alikuwa amepiga picha kioo cha kompyuta. Kwenye dirisha jeusi paliandikwa: « 'pip' n'est pas reconnu en tant que commande interne ou externe. »

"Prof, inasema haijue pip," alisema. "Nilifuata yote, page kwa page. Nifanye je?"

Sikujua. Hilo ndilo jibu, na lilikuwa fupi, na lingenigharimu sekunde moja. Lakini watu thelathini walikuwa wananitazama, na wengine walikuwa wameshaanza kuangalia mashine zao. Nikaitazama ile picha kwa macho ya kujua, nikatikisa kichwa.

"Maman, mashine yenu iko na virusi," nikasema. "Virusi inafichaka macommande. Hapo hakuna dawa ingine: muiformater, mufute yote, muanze upya."

Mtu mmoja nyuma alicheka akasema mashine imepata malaria. Nami nikacheka, nikaongeza kwamba kwa bahati mwenyewe ni muuguzi. Darasa zima likacheka. Yeye hakucheka, alikuwa anaandika nilichosema.

"Na mafichier yangu?"

"Muyaweke kwanza ku clé USB. Kisha muformater."

Jumamosi akaifanya kazi hiyo. Jumatatu alirudi, akanikuta kwenye chumba cha wasaidizi, mahali tunapokunywa chai na kusahihisha mitihani. Alisimama mlangoni na mashine yake ndani ya kitenge.

"Prof, niliformater vile ulisema. Nikarudisha Python vile silabasi inasema. Inaandika tena kile kile."

Hakulalamika, na ningependa angelalamika. Nilimwomba aketi, nikafungua mashine, nikaandika pip. Haikutambuliwa. Nikaandika tena polepole, kama vile nilikuwa nimekosea herufi ndani ya neno la herufi tatu. Haikutambuliwa.

"Acha nijaribu kitu ingine," nikasema kwa sauti ya daktari.

Nikaiondoa Python yote. Programu ya kuiweka alikuwa nayo kwenye clé, nikaibonyeza mara mbili, nikauona ukurasa wake wa kwanza. Ndiyo, wa kwanza maishani mwangu. Chini kabisa palikuwa na kisanduku kitupu, na pembeni yake maneno ya Kiingereza: Add python.exe to PATH.

Kiingereza changu ni cha kusoma. Nikasoma mara mbili, nikaelewa. PATH ni orodha ya mahali ambamo kompyuta hupita kutafuta programu kila unapoandika jina lake. Kisanduku kile kilikuwa kinaomba ruhusa ya kuandika mahali pa Python kwenye orodha hiyo. Bila alama ile, Python inakuwepo, pip inakuwepo, vyote vizima, lakini hakuna aliyeiambia kompyuta vinakaa wapi. Hapakuwa na virusi. Hapakuwahi kuwa na virusi. Palikuwa na ukurasa wa kumi na nne.

Na kitu kingine kilinichoma pale pale: ukurasa ule haukuwa na kitufe cha Suivant. Kilichokuwepo kiliandikwa Install Now. Watu thelathini walikuwa wamefuata maelezo yangu, wakafika mahali pa kubonyeza kitufe ambacho hakipo, na hakuna hata mmoja aliyeniuliza. Kila mmoja aliona afadhali kudhani kwamba kompyuta yake ndiyo yenye kasoro kuliko Prof.

Mama alikuwa ametoka kidogo kujibu simu ya kituoni kwake. Nikatazama mlango. Nikaweka alama kwenye kisanduku haraka, kama mwizi, nikabonyeza Install Now. Ilipomaliza nikarudi kwenye dirisha jeusi, nikaandika pip. « N'est pas reconnu. » Kisha nikakumbuka kwamba dirisha lile lilikuwa wazi tangu mwanzo, nalo lilisoma orodha wakati lilipofunguliwa, halijui lililobadilika baadaye. Nikalifunga, nikafungua jipya. Pip ikaitika, ikatoa maelezo yake ukurasa mzima.

Nikawasha intaneti ya simu yangu, nikaandika amri ya kuleta pandas pamoja na openpyxl, ile inayosaidia kusoma mafaili ya Excel. Ikaniletea « instqll ». Mashine ile ilikuwa na herufi za Kiingereza kwenye vitufe lakini mpangilio wa Kifaransa ndani, kama nyingi zinazotoka Dubai: ukibonyeza A inatoka Q. Mama aliporudi aliniona nikihangaika, akainama, akaandika neno zima bila kutazama vitufe, A akiipiga mahali palipoandikwa Q. Alikuwa ameyafanya hayo miezi sita. Mistari ikashuka, vipimo vya upakuaji vikajaa, na mwisho ukasema imefaulu.

"Imepona!" akasema. Alipiga makofi mara moja, akacheka kwa mara ya kwanza tangu nimjue. "Ilikuwa nini?"

Hapo ndipo ninapoona aibu hata leo, kuliko pale darasani. Darasani nilikuwa sijui. Hapa nilikuwa najua.

"Virusi ilibaki kidogo," nikasema. "Nimeitoa."

"Aksanti sana, Prof. Mungu akubariki."

Akachomeka clé ili tujaribu na mafaili yake. Kumi na manne, yote yalikuwepo, kila moja na jina la kijiji na mwaka. Akabonyeza la kwanza. Kompyuta ikasema kitu kinachotafutwa hakipatikani. Akabonyeza la pili. Ndipo nikaona kwenye pembe ya kila faili mshale mdogo. Alikuwa amenakili mafaili yaliyokuwa kwenye Bureau, ile skrini ya mbele ya kompyuta, na yale ya kwenye Bureau yalikuwa raccourcis tu, alama za kuelekeza. Mafaili yenyewe yalikuwa mahali pengine ndani ya diski, na diski alikuwa ameifuta Jumamosi, kwa agizo langu.

Alibonyeza yote kumi na manne. Mimi nilijua jibu tangu la pili, lakini sikuwa na uso wa kumzuia.

"Maman, mulikopi raccourcis," nikasema. "Haingefaa vile."

Na hilo lilikuwa kweli. Nililishikilia ukweli huo kwa mikono miwili. Nilipomweleza mwenzangu mmoja ofisini, naye akasema kosa ni la mwanafunzi, hawa watu hawajui hata raccourci ni nini. Nikakubali haraka mno.

Mama hakulia. Alifunga mashine, akaifunga kwenye kitenge, akauliza kama session ya kwanza inafungwa tarehe ileile. Nikamwambia ndiyo. Akasema basi atapiga picha madaftari, maana hayaruhusiwi kutoka kituoni, na ataandika upya. Wiki tano zilibaki kwa kazi ya miezi sita.

Siku zilizofuata nilijifanya mtu wa kusoma. Nikatafuta kila kitu juu ya pip, nikagundua jambo lililonimaliza. Hata bila kisanduku, hata bila kuiondoa Python, hata bila kugusa chochote, pale alipokuja na picha ile ya kwanza ilitosha kuandika py -m pip install pandas. Py ni kianzishi kidogo ambacho Python hukiweka kwenye Windows, na chenyewe huwa kwenye orodha; ukikiita, kinajua kumtafuta mwenzake. Herufi mbili, nafasi, kistari, herufi moja. Hiyo ndiyo dawa. Mimi nilimkata mguu mtu aliyekuwa na mwiba.

Lakini darasani sikusema. Nilijiambia nitarekebisha silabasi mwaka ujao, kimya kimya, toleo jipya.

Wiki ya tatu baada ya hapo, kijana mmoja wa mbele aliinua simu yake. Nikaitambua picha kabla sijaisogelea, dirisha jeusi, mstari ule ule. Kabla sijafungua mdomo, yule mama alisimama. Alikuwa na uso wa mtu anayelala saa tatu tu kwa usiku.

"Ni virusi, ndugu yangu," alimwambia kwa upole. "Inafichaka macommande. Prof alinitolea. Uformater, lakini mbele ya kuformater, uangalie vizuri: kama fichier iko na mushale, ile haiko fichier. Mimi nilipotezaka kazi ya miezi sita juu ya kutojua."

Juu ya kutojua. Alisema hivyo mbele ya watu wote, akijilaumu, na yule kijana akawa anaandika, kama alivyoandika yeye. Nikasikia uongo wangu ukitoka kwenye mdomo wa mtu mkweli, na ulikuwa umenenepa, umepata hata mashauri mema ndani yake.

"Hapana," nikasema.

Sauti ilitoka ndogo. Nikageukia ubao kwa sababu sikuweza kuwatazama, nikaandika: py -m pip install pandas. Nikasema hakuna virusi. Nikasema fungueni ukurasa wa kumi na nne, mstari wa tatu, huo una kosa, mimi niliuandika na nilikuwa sijawahi kuiweka Python mwenyewe. Nikasema kile kisanduku cha chini kinatakiwa alama. Nikasema mashine ya maman ilikuwa nzima tangu siku ya kwanza, na siku ile ofisini nilijua, nikamdanganya.

Hakuna aliyecheka. Kijana wa mbele aliandika herufi zile kwenye mashine yake. Wote tulisikia vitufe. Ikafanya kazi.

Mama alibaki amesimama. Nilimsubiri baada ya somo, nikifuta ubao. Watu walipotoka alikuja mpaka mbele ya meza. Hakuniita Prof.

"Mutoto yangu," alisema, "siye ku kazi, kama munganga anasema kata, tunakata. Hatuulizi. Juu tunajua alimupima mugonjwa. Weye haukunipima. Haukuuliza hata niko naumwa wapi."

Nikasema nisamehe. Akasema atafikiri, kwa sasa hana muda. Kisha akaniuliza kama najua kusoma mwandiko wa wauguzi.

Hivyo Jumamosi zote zilizobaki nilikaa kwenye baraza ya dada yake huko Kadutu, nikisoma kwa sauti picha za madaftari kwenye simu, mengine ya mwandiko wake mwenyewe, yeye akiandika kwenye Excel. Fille, deux kilos huit. Garçon, trois kilos un. Mara nyingine mstari ulikuwa na msalaba mdogo badala ya uzito, nami nikataka kuuruka, naye akasema, bila kuinua kichwa, "Ile pia ni mutu. Soma." Nilisoma. Hakuwahi kunitukana, na sikuwahi kupewa chai.

Hatukuiwahi session ya kwanza. Alidepozi kwenye ya pili, alitetea vizuri, mafaili kumi na manne yakaunganishwa kwa mistari mitano kama nilivyoahidi. Lakini nafasi yake kisiwani ilikuwa imeshapewa mwingine. Sasa anafanya kazi kwenye kliniki moja ndogo hapa mjini, chini ya mtu aliyekuwa mdogo wake kazini. Nilipokutana naye sokoni tulisalimiana. Hakuniambia kama alimaliza kufikiri, nami sikumuuliza.

Silabasi sikuirekebisha. Nikiwa mkweli, kila nilipoifungua nilikutana na ukurasa ule, nikaifunga. Mwaka uliofuata somo alipewa mwenzangu, nikashukuru Mungu.

Mwezi uliopita nilipanda kwa mpiga fotokopi kutoa nakala za mtihani. Kwenye mashine yake palikuwa na silabasi yangu, inatoka ukurasa baada ya ukurasa, kwa ajili ya wanafunzi wapya. Nilishtuka, nikainua ukurasa wa kumi na nne. Mstari wa tatu ulikuwa umekatwa kwa kalamu, mara moja, kwa rula. Pembeni, kwa mwandiko mdogo ulionyooka ambao niliutambua, maana niliutazama Jumamosi baada ya Jumamosi, paliandikwa: « Hapana. Weka alama kwenye kisanduku cha chini. Kama ulisahau, usiformater: py -m pip install. Funga dirisha, fungua lingine, pima tena. » Nakala inayozunguka mjini ilikuwa ni ya kwake. Chini ya ukurasa jina lilikuwa bado langu.

Mpiga fotokopi aliniona nimeushika.

"Prof, batoto banaipenda hii yenye kusahihishwa," alisema. "Ile ingine banairudisha. Ni mwandiko yenu hii?"

Na ninaapa, mdomo wangu ulikuwa umeshaanza kusema ndiyo.

"Hapana," nikasema. "Ni ya maman moja infirmière, wa Idjwi."

"Aa," akasema, "basi tungeandika jina yake," akanyoosha mkono nimrudishie ukurasa.

Nikamwomba kalamu kwanza.